Kunywa kwa mkupuo, kunywa sana na kuugua pombe: mambo matatu tunayoyaita ulevi

Mtaani tuna kipimo kimoja tu cha pombe, na kipimo chenyewe ni macho ya majirani. Anayepepesuka barabarani ni mlevi, na yule anayekunywa zake kimya kimya halafu kesho kaamka kaenda kazini, huyo tunasema anajiheshimu. Wanaotibu watu hawahesabu hivyo kabisa. Wao wana maswali matatu tofauti, na mtu anaweza kufeli moja akafaulu mengine mawili, ndo maana unakuta mtu analazimishwa kwenda rehabu wakati shida yake ilikuwa Jumamosi tu, na mwingine anaambiwa "punguza punguza" wakati mwili wake ulishafika hatua ambayo kuacha ghafla kunaweza kumuua.

La kwanza linauliza umekunywa kiasi gani kwa kikao kimoja. La pili linauliza kwa wiki nzima umeingiza kiasi gani. La tatu haliulizi idadi ya chupa hata kidogo, linauliza pombe imekufanyia nini na ukitaka kuiacha inatokea nini. Nitayapitia moja moja kupitia watu watatu niliowatunga mwenyewe, ila nina uhakika ukiwasoma utasema huyu namjua.

Kwanza tukubaliane hesabu, maana bila hii hakuna kinachoeleweka. Chupa sio kipimo, glasi sio kipimo, toti ndo kabisa inategemea mkono wa anayemimina. Kipimo ni gramu za pombe yenyewe iliyomo ndani ya kinywaji. Chukua ujazo kwa mililita, zidisha kwa asilimia iliyoandikwa kwenye lebo, gawanya kwa 100, halafu zidisha kwa 0.8. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 inakupa gramu 20. Kile kichupa kidogo cha pombe kali cha mililita 250, Wakenya wanakiita kakuota, kikiwa na asilimia 40 kinakupa gramu 80, yaani bia nne nzima zimekaa kwenye kitu kinachoingia mfuko wa suruali. Watu wengi wakiambiwa hivi wanabisha, kwa sababu bia nne zinajaza meza na kale kachupa hakaonekani, lakini ini haliangalii meza.

Pombe za kienyeji ndo ngumu kuhesabu. Mnazi uliogemwa asubuhi na huo huo mnazi ikifika jioni sio kinywaji kimoja, maana unaendelea kuchacha na kuongeza ukali saa hadi saa, na mbege na ulanzi vinabadilika hivyo hivyo kutegemea siku na mpishi. Gongo na chang'aa hujui kabisa kilichomo. Kwa hiyo anayekunywa hizi asidhani hesabu ya bia inamlinda, achukulie amekunywa zaidi ya anavyofikiri.

Kijana wa Jumamosi

Huyu ni dereva wa bodaboda, miaka 26. Jumapili hadi Ijumaa hagusi, na ukimwambia ana shida ya pombe atakushangaa kwa dhati. Jumamosi sasa, kuanzia saa moja jioni, mechi inaendelea, washkaji wapo, mpaka saa nne usiku kashamaliza bia sita.

Bia sita za asilimia 5 ni gramu 120. Shirika la Afya Duniani linahesabu kuwa mtu amekunywa kwa mkupuo akifikisha gramu 60 au zaidi kwa kikao kimoja, yaani bia tatu tu za nusu lita. Wamarekani wana kipimo chao kinachokaribiana na hicho, wanasema ni kile kiasi kinachopandisha pombe kwenye damu kufika asilimia 0.08, na kwa kawaida mwanaume anafika hapo akinywa gramu kama 70 ndani ya saa mbili hivi, mwanamke gramu kama 56. Mwanamke ana kiwango cha chini kwa sababu mwili wake kwa wastani una maji machache ya kuizimua ile pombe, kwa hiyo mkiwa meza moja na mnakunywa sawa, damu yake inakuwa na pombe nyingi kuliko yako. Sio kwamba ana kichwa chepesi. Ni maji tu.

Kwa hiyo kijana wetu ni mnywaji wa mkupuo, na ameuzidisha mara mbili. Cha kuangalia hapa ni saa. Ini linachoma pombe kwa mwendo wake mmoja, wastani wa gramu 7 hadi 10 kwa saa, na hakuna kahawa, supu ya mbuzi, ndimu, wala kuoga maji ya baridi kunakoliharakisha. Tuchukue 8. Kuchoma gramu 120 kunahitaji saa 15. Alianza saa moja jioni, kwa hiyo damu yake inakuwa safi saa nne asubuhi ya Jumapili. Lakini yeye saa kumi na mbili asubuhi kashatoka na pikipiki kuwahi abiria wa kanisani, na hapo bado ana kama gramu 32 mwilini, yaani ni kama mtu aliyekunywa bia moja na nusu halafu akawasha injini. Kalala, kaoga, kapiga mswaki, anajiona mzima kabisa. Ini likiwa na kasi kidogo labda atakuwa amebakiza pungufu ya hapo, likiwa zito atakuwa na zaidi, na yeye hana njia ya kujua.

Hatari za mkupuo zote ziko hivyo, ni za usiku ule na asubuhi yake. Ajali, ugomvi, kulala na mtu bila kinga, kuanguka mtaroni, kuibiwa, na ile ya kuamka hukumbuki chochote toka saa tano usiku wakati watu wanasema ulikuwa unaongea na kucheza vizuri tu. Hiyo ya kusahau haimaanishi ulilala. Maana yake ubongo ulikuwa macho ila sehemu inayoandika kumbukumbu ilizimwa, na inatokea hasa pombe ikipanda kwa kasi tumbo likiwa tupu.

Na kuna kosa moja linalorudiwa kila wikiendi, kumwacha mtu aliyezima alale "itamtoka yenyewe". Pombe aliyokunywa dakika za mwisho bado iko tumboni inaendelea kuingia kwenye damu, kwa hiyo anaweza kuzidi kulewa akiwa usingizini. Ukimwita na kumtikisa haamki, au anapumua polepole sana, pumzi hazifiki 8 kwa dakika au zinakatika sekunde kumi nzima ndo inakuja nyingine, au ngozi imekuwa ya baridi na midomo imebadilika rangi, huyo sio wa kulazwa kwenye kochi, ni wa kupelekwa hospitali saa hiyo hiyo. Mkiwa njiani mlaze ubavu ili akitapika yasirudi kwenye njia ya hewa. Na usimlazimishe kunywa maziwa wala kumtapisha kwa kidole.

Sasa je, huyu kijana ni mgonjwa wa pombe? Kwa haya niliyoyasema tu, hapana. Marekani kuna utafiti uliotoka mwaka 2014 ulioangalia watu wazima wanaokunywa kupita kiasi, ukakuta kama 9 kati ya 10 hawakuwa na vigezo vya utegemezi. Ila waliokuwa wakinywa kwa mkupuo mara 10 au zaidi kwa mwezi, karibu 3 kati ya 10 walikuwa wategemezi tayari. Kwa hiyo Jumamosi moja moja ni jambo jingine, na Jumamosi inayoanza Alhamisi ni jambo jingine tena.

Mzee asiyelewa

Wa pili ni mhasibu mstaafu. Ana heshima zake, ana viatu vinang'aa, kila jioni anakaa kwenye kiti chake pale pale anakunywa bia mbili za nusu lita na nyama kidogo, saa tatu yuko nyumbani kwa taarifa ya habari. Hajawahi kuonekana amelewa. Ndo yule watoto wanaambiwa "mkitaka kunywa kunyweni kama mzee".

Bia mbili ni gramu 40, haifiki 60, kwa hiyo kwenye swali la kwanza amefaulu vizuri. Lakini zidisha kwa siku saba. Bia 14, gramu 280 kwa wiki. Taasisi za afya za Marekani zinaweka mstari wa unywaji mzito kwenye vinywaji 15 vya kwao kwa wiki kwa mwanaume, na kinywaji chao kimoja ni gramu 14, kwa hiyo mstari uko gramu 210, sawa na bia kumi na nusu za aina yake. Kwa mwanamke ni vinywaji 8, gramu 112, bia tano na nusu hivi kwa wiki nzima. Mzee wetu kaupita huo mstari kwa gramu 70 kila wiki, mwaka nenda mwaka rudi, bila kulewa hata siku moja.

Hapa ndo watu wananichosha kwa kubishana, kwa sababu tumeshazoea kwamba madhara yanakuja na kulewa. Kulewa ni kazi ya ubongo kwa usiku huo. Presha, ini, moyo na koo vinahesabu jumla. Pombe ya kila siku inapandisha presha taratibu, na wapo wazee wameongezewa dozi ya dawa za presha mara mbili mara tatu bila mtu kuwauliza jioni wanakunywa nini. Ini linaanza kujaza mafuta, na hatua hiyo haiumi, haina homa, haina manjano, utaiona kwenye altrasaundi uliyoenda kupiga kwa sababu nyingine. Halafu kuna saratani. Pombe imo kwenye orodha ya vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu toka mwaka 1988, ikiwemo ya mdomo, ya koo la chakula, ya ini na ya titi, na ya koo la chakula ndo hiyo inayowapata watu wengi sana upande wetu huu wa Afrika. Sisemi bia mbili zitampa mzee saratani. Nasema mwili wake unapokea kiasi ambacho yeye na familia yake wanakiita kidogo wakati sio kidogo.

Kizuri kwake ni kwamba hatua hii mara nyingi inarudi nyuma. Ini lenye mafuta, kama bado halijaweka makovu, likipewa mapumziko ya wiki nne hadi sita linaanza kujisafisha, na presha nayo inashuka. Mzee huyu akiambiwa na daktari anayemheshimu, akaonyeshwa hesabu kwenye karatasi, mara nyingi anapunguza na maisha yanaendelea. Hahitaji rehabu. Akipunguza akaenda kwenye bia nne kwa wiki na hakuona shida, hilo lenyewe ni jibu la swali la tatu.

Fundi anayekunywa kidogo kuliko mzee

Wa tatu ni fundi cherehani. Anakunywa siku mbili kwa wiki, Jumatano na Ijumaa, bia nne kila kikao. Jumla bia nane, gramu 160, yuko chini kabisa ya mzee na chini ya mstari wa wiki. Kila kikao ni cha mkupuo, sawa, lakini bado hamfikii kijana wa bodaboda. Ukipanga hawa watatu kwa chupa, fundi utamweka pembeni. Ukipanga kwa ugonjwa, yeye peke yake ndo mgonjwa.

Madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani kwenye mwongozo wao, DSM-5 wa mwaka 2013, waliweka vigezo 11, wakasema ukiwa na viwili au zaidi ndani ya miezi 12 basi una ugonjwa wa pombe. Viwili au vitatu ni wa kiwango kidogo, vinne au vitano ni wa kati, sita na kuendelea ni mkali. Kati ya hivyo 11 hakuna hata kimoja kinachouliza unakunywa chupa ngapi.

Tumwangalie fundi. Kila Jumatano anasema leo moja tu, anamaliza nne, na sio kwa sababu ya rafiki, ni kwamba ile ya kwanza ikishaingia kauli yake ya asubuhi haina nguvu tena. Hicho ni kigezo cha kwanza. Ameshajaribu kuacha zaidi ya mara moja, kila mara anarudi, hicho cha pili. Ijumaa kuanzia saa tisa mchana hawezi kushona vizuri, sindano inaenda huku akili iko baa, ile hamu inamjaza kichwa mpaka afunge ofisi mapema, hicho cha tatu. Mkewe wamegombana kwa ajili ya pesa za vikao mpaka kaenda kwao wiki mbili, akarudi, na fundi bado anakunywa akijua kabisa ndo chanzo, hicho cha nne. Alikuwa mwanakwaya, tena wa kutegemewa, mazoezi ni Jumatano na Ijumaa, kwaya ameacha. Hicho cha tano. Vitano, kiwango cha kati, na mikono yake haitetemeki, hajawahi kulala barabarani, mteja hajawahi kumnusa pombe.

Vigezo vilivyobaki nivitaje kwa haraka: kutumia muda mwingi kutafuta, kunywa na kuuguza hengova, kushindwa majukumu ya kazini, shuleni au nyumbani, kunywa mara kwa mara pale ambapo ni hatari kama ukiwa unaendesha, kuendelea ukijua inakuumiza mwili au inakuzidishia msongo, kuhitaji nyingi zaidi ili upate kile kile ulichokuwa unapata kwa chache, na arosto, yaani mwili kuumwa pombe ikikatika.

Kuna hoja moja inasikika sana, Wakristo wanaisema kwa Kwaresma na Waislamu wanaokunywa wanaisema kwa Ramadhani, kwamba "mimi mwezi mzima naacha kabisa, kwa hiyo mimi sio teja wa pombe". Kuacha kwa muda kunaonyesha kwamba mwili haujafika kwenye arosto, na hilo ni zuri kulijua, lakini ni kigezo kimoja tu kati ya 11. Fundi wetu anafunga Kwaresma siku zote 40, hanywi hata tone, na Jumatatu ya Pasaka anakunywa zile nne kama vile hazikuwahi kukatika, anarudi pale pale alipoachia. Muulize mtu wa hivi siku hizo 40 zilikuwaje. Alikuwa anazihesabu? Alikuwa mkali ndani ya nyumba? Alishaipanga baa ya siku ya kwanza? Majibu hayo yanaeleza mengi kuliko ule mfungo wenyewe.

Na hizi safu tatu zinaweza kukaa kwa mtu mmoja. Tena ugonjwa ukiwa mkali mara nyingi ndo zinakaa zote, anakunywa kwa mkupuo, kila siku, na hawezi kuacha. Ninachokataa ni kudhani ni ngazi, kwamba lazima uanze chini upande. Mzee anaweza kukaa kwenye unywaji mzito miaka 20 akafa na presha bila kuwahi kuwa mtegemezi, na kijana anaweza kufa kwenye mkupuo wake wa kwanza.

Pale ambapo kutofautisha kunaokoa mtu

Kuna mtu wa nne sikumtaja, na huyu ndo sababu ya kuandika yote haya. Huyu anakunywa kila siku, nyingi, na asubuhi anazimua kwanza ndo aweze kushika kikombe cha chai bila kumwaga. Kuzimua kila asubuhi ndo dalili ambayo ningependa kila familia iijue, kwa sababu inasema mwili ulishajipanga kuishi na pombe. Pombe inatuliza ubongo, na ubongo ukitulizwa kila siku unajibu kwa kuongeza mitambo ya kusisimua ili ubaki macho. Ukiondoa pombe ghafla, ile mitambo inabaki imewashwa bila breki.

Tuseme Jumamosi saa nne usiku alikunywa ya mwisho, akaanguka na pikipiki, kavunjika mguu, kalazwa. Ndugu wanaulizwa anakunywa? Wanasema "kidogo kidogo", kwa heshima yake. Jumapili alfajiri anaanza kutetemeka, jasho, moyo unakimbia, tumbo linachafuka, wanasema ni maumivu ya mguu. Jumatatu asubuhi anapata degedege, mtu ambaye hajawahi kuwa na kifafa maishani. Jumatatu usiku kuamkia Jumanne anaona wadudu ukutani, anaongea na watu wasiokuwepo, hajui yuko wapi, joto linapanda, anataka kung'oa dripu. Na hapo ndo ndugu wanaanza kuambiana kwamba ile ajali haikuwa ya kawaida, karogwa, ana majini, tumtoe hospitali tumpeleke kwa mtaalamu. Wakimtoa anaweza kufia njiani. Ile hali ina jina lake la kitabibu, ina dawa, mara nyingi daiazepamu kwa dozi zinazopunguzwa taratibu, pamoja na maji na vitamini B1 ya sindano, na bila tiba inaua. Hiyo B1 wanaidharau wengi lakini mnywaji wa muda mrefu huwa hana akiba yake, na ukimwekea dripu ya glukosi bila kumpa B1 unaweza kumwachia ubongo uliopoteza kumbukumbu moja kwa moja.

Ratiba ndo hiyo kwa ujumla, mtetemo ndani ya saa 6 hadi 24, degedege hadi saa 48, kuchanganyikiwa kuanzia saa 48 na kuendelea. Na aliyeshapita humo mara moja akarudia kunywa na kukatisha ghafla, safari inayofuata huwa mbaya zaidi. Kwa hiyo ile habari ya kumfungia mtu ndani siku tatu "mpaka imtoke", au maombi ya kukesha bila mtu wa afya karibu, kwa kijana wa Jumamosi haina hatari, kwa fundi labda, kwa anayezimua asubuhi ni kucheza na maisha yake. Huyu asiache mwenyewe nyumbani. Aende hospitali akiwa bado hajakatisha, apangiwe namna ya kushuka.

Jambo jingine ni dawa za kificho. Ipo dawa inaitwa disalfiramu, ukiimeza halafu ukanywa pombe unapata joto usoni, kichwa kinagonga, unatapika, presha inaanguka. Imetengenezwa kwa mtu aliyekubali mwenyewe, anayejua asiguse hata dawa ya kikohozi yenye pombe. Kuna wake na mama wanauziwa poda au vidonge wachanganye kwenye mboga bila mwenyewe kujua. Naelewa uchungu unaowafikisha huko, lakini mtu mwenye moyo dhaifu akinywa bia zake nne juu ya hiyo anaweza asiamke. Kwa fundi wetu zipo njia nyingine, nalitreksoni inayopunguza hamu na raha ya ile ya kwanza, akamprosati kwa aliyeshaacha anayetaka kubaki hapo, na ushauri wa kukaa na mtu vikao kadhaa. Sio kila duka la dawa linazo, na zote ni za kuandikiwa.

Ukitaka kujua wewe uko wapi, Shirika la Afya Duniani lina dodoso la maswali 10 linaitwa AUDIT, alama 0 hadi 40, na toleo la Kiswahili lilishafanyiwa utafiti kwa majeruhi pale hospitali ya KCMC Moshi. Ukipata 8 au zaidi kuna jambo la kuzungumza, ukifika 20 muone mtaalamu kwa ajili ya utegemezi. Tahadhari moja, "kinywaji kimoja" cha dodoso hilo ni gramu 10, kwa hiyo bia yako ya nusu lita iandike mbili, na kakuota iandike nane. Wengi wanajipunguzia alama hapo bila kujua. Kwa walioko Kenya kuna namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, nayo ni 1192. Tanzania anzia hospitali ya wilaya au ya mkoa, uliza kitengo cha afya ya akili, na usishtuke na jina la kitengo, pombe iko chini yao.

Na ukimpeleka ndugu yako hospitali kwa sababu yoyote ile, hata malaria, hata mguu uliovunjika, mvute muuguzi pembeni umwambie mambo mawili kwa ukweli: kwa siku anakunywa kiasi gani, na ya mwisho alikunywa saa ngapi.